Nywele Nilizompaka

Mwanamume yule alimleta mkewe studio akiwa amemkamata juu ya kiwiko, kama mtu anayepeleka mbuzi sokoni. Tulikuwa majirani katika mtaa wa mjini uitwao West Indies, tukitenganishwa na ukuta mmoja, na jioni iliyotangulia nilikuwa nimesikia kichwa cha mwanamke huyo kikigonga ukuta huo mpaka vikombe vyangu vikacheza kabatini. Niligonga kwa mwiko nikimpigia kelele aache. Hakuacha. Polisi nao walishamrudisha mke nyumbani zaidi ya mara moja, maana mume alikuwa mtu wa kamati ya chama, na chama kilikuwa kimoja tu, na beji yake haikubanduka kifuani.

Mke alivua kitambaa ili apigwe picha. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimeng'olewa kuanzia paji la uso hadi karibu na utosi. Ngozi ilikuwa imevimba, ina vidonda vidogo.

“Wazazi wake wanataka picha,” mume akaniambia mimi niliyekuwa fundi wa kurekebisha picha pale. “Jaza hapo pote. Ikae sawa. Si hiyo ndiyo kazi yako?”

Nilimtazama mke.

“Jaza tu, dada,” akasema. “Nikirudi bila hiyo picha ataniua.”

Basi picha ilipochapishwa, nikaijaza. Watu hudhani unachora mstari pale nywele zinapoanzia, halafu unapaka weusi nyuma yake. Ukifanya hivyo umemvisha mtu kofia. Nilichukua rangi ya maji, nikaizimua mpaka ikawa kijivu hafifu, na kwa brashi nyembamba iliyokaribia kukauka nikagusa nukta na vindoano vidogo, kwa sababu nywele zetu hazilali kama nyuzi. Ukingoni niliweka nukta chache, zimetawanyika, ngozi ikionekana kati yake. Nilipoingia ndani nikazidisha, tabaka juu ya tabaka. Pajini vindoano vilielekea nyuma, kwenye panja vikashuka upande wa sikio, na karibu na utosi vikazunguka, kama zilivyokuwa nywele za upande wa kushoto ambako mkono wa mumewe haukufika. Nikaacha mng'ao pale taa ilipopiga. Ile rangi inayozama ndani ya karatasi, tajiri wangu mwenye studio aliwawekea maharusi, kwa hiyo yangu ilikaa juu juu tu. Ilikuwa kazi safi, na niliichukia.

Miezi ikapita, nywele zikaota. Kisha mume akamvunja jino. Mke alikimbilia kwangu mdomo umejaa damu, nami nikatuma ujumbe kwao, na wazazi wake wakaja kutoka magharibi. Tuliketi sebuleni kwa mume. Yeye akasema mkewe ameanguka bafuni. Kuhusu nywele, alicheka.

Baba mtu alitoa picha kutoka mfuko wa ndani wa koti. Alikuwa ameifunga kwenye leso safi.

“Unasema amekuwa akikung'oa nywele tangu kabla ya Pasaka,” akamwambia binti yake. “Hii picha ulituletea Pasaka. Nywele si hizi hapa? Mwanangu, sisi tutamshtaki mtu na nini? Utabaki kwa bwanako.”

Binti alinitazama. Hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba.

“Mzee, nipe hiyo picha,” nikasema.

Nilichovya pamba kwenye glasi ya maji iliyokuwa mezani, nikaikamua, nikapitisha pajini, taratibu, nikirudi nyuma kuelekea utosi. Nywele zikahamia kwenye pamba, nyeusi. Chini yake ngozi ikabaki wazi, na vile vidonda.

“Nilizipaka mimi. Huyu ndiye aliyeniamuru.”

Mume aliruka meza. Sikuona ngumi, kwa maana hakupiga ngumi. Mkono wake ulikuja moja kwa moja pajini pangu, upande wa kulia, vidole vikazama, akavuta. Nilisikia nywele zikikatika kabla ya kusikia uchungu. Kichwa changu kikapiga ukuta ule ule, sasa kwa upande wa pili.

Baba mtu alikuwa mzee mpole, karani mstaafu. Alimpiga mkwewe kwa bakora mkononi, mkono ule ule ulionivuta, tena na tena, mpaka nikasikia kitu kinavunjika na sijui kilikuwa bakora au mfupa. Mume akaniachia, akapiga magoti akilia.

Mama mtu alikwisha kuanza kufunga nguo za binti yake. Damu ikinitiririka jichoni, niliokota picha sakafuni. Nilimwambia mzee nitaijaza upya, itakuwa nzuri kama zamani.

“Wacha,” akasema. Aliikausha kwa leso, akaitazama sana pale penye kipara. “Hii ndiyo picha yake ya kweli ya kwanza kuletewa.”