Fonti Niliyoipa Jina la Mama

Mwaka mzima nilichora herufi kwa kufuata mwandiko wa marehemu mama, nikazigeuza fonti na kuipa jina lake. Mwalimu wangu wa usanifu, niliyempelekea aitazame, alisema haifai.

Siku moja mteja alileta PDF ya kitabu chake kwenye duka letu la uchapaji, mtaa wa Mlandege. Herufi zilinishtua. Nikafungua sifa za faili, kwenye orodha ya fonti zilizopachikwa ndani yake. Jina la mama lilikuwamo.

"Nani kakupangia kurasa za kitabu?"

Akamtaja mwalimu wangu. Nikampigia.

"Shikamoo, mwalimu. Ile fonti yangu umeitumia?"

"Marahaba. Kwani wewe ulikuwa unaitumia?"

Kitabu nilikichapa, kazi ni kazi. Kwenye shukurani, mwandishi alimsifu mwalimu kwa herufi zake nzuri.