Mama Aliyebaki kwenye Picha ya Rond-point

Patron, tajiri aliyenipa kazi ya kupiga picha, alitaka mnara wa rond-point, pale barabara zinapozungukia, bila mtu hata mmoja. Aliuza mabati na misumari, na kila mwaka aliwagawia wateja wake kalenda yenye picha.

"Butembo ni muji safi," aliniambia. "Hapana weka ile fujo."

Fujo yenyewe ilikuwa pikipiki za taxi, wachuuzi, na familia zilizokimbia mauaji ya upande wa Beni, ambazo zilikaa kwenye ngazi za mnara na vifurushi vyao.

Nikafunga kamera kwenye miguu yake mitatu, juu ya balkoni ya duka lake. Sikubadilisha mwanga wala umbali. Nikapiga picha ile ile tena na tena, asubuhi nzima. Kule studio, kompyuta ikazilaza moja juu ya nyingine. Kwa kila nukta ilipanga rangi za picha zote na kuchukua ile ya katikati. Mpita njia huonekana mahali pamoja katika picha chache tu, zilizobaki zinaonyesha barabara, basi barabara inashinda. Pikipiki zote zikayeyuka. Lakini mama mmoja wa kitenge cha kijani alibaki mzima, na mtoto mapajani, maana hakusogea.

Patron akapiga meza, akadai sababu. "Lakini batu bote baliondoka! Huyu anabakia juu ya nini?"

"Alikaa, patron. Kamera haikuona kile kiko nyuma yake."

Nikaomba asubuhi nyingine. Pengine mama angekaa upande mwingine, nami ningejaza pale alipokuwa kwa picha mpya. Patron akakubali haraka mno.

Kesho yake nilikuwa nikipiga picha pale balkoni, mara walinzi wawili wa duka wakatoka chini na fimbo. Patron hakuwa ameniambia. Mmoja akavuta kifurushi cha yule mama. Mama akakishika, akapiga kelele. Wenye pikipiki wakasimama.

"Munamufukuza juu ya nini?"

Mlinzi akaninyooshea fimbo. "Ni ule wa kamera! Hapana miye!"

Jiwe la kwanza lilipiga ukuta, la pili likaangusha kamera.

"Unauzisha sura zetu!" mmoja akafoka.

"Hapana!" nikajibu kwa woga. "Hamutaonekana! Picha inabaondoa batu bote!"

Hapo ndipo walipokasirika kweli. "Unatufuta? Ndani ya muji yetu?"

Patron alikuwa amekwisha kufunga mlango wa chuma, mimi nikiwa juu. Nilijikunja nyuma ya ukuta wa balkoni mpaka walipochoka.

Niliposhuka, mama alikuwa akikusanya sufuria zake. Nikainama nimsaidie. Akaninyang'anya kifuniko.

"Acha. Kule tulifukuzwa na panga. Hapa tunafukuzwa na picha?"

Picha za siku ile hazikulingana na za kwanza, kwa kuwa kamera ilianguka. Nikampelekea patron ile ya kwanza, yenye mama. Aliichana mbele yangu. Kalenda ikatoka na picha ya mabati.

Mimi na patron hatukusalimiana tena. Mama naye, kila nilipopita pale, alinigeuzia mgongo.