Alamu ya Egesa

Akwii hutengeneza simu Malaba, kando ya foleni ya malori, na hapunguzi bei kwa machozi. Truphena alimletea saa janja ya marehemu mumewe, Egesa, dereva wa lori. Ilikuwa imeganda, na ndani yake Egesa alikuwa amejirekodi akimwimbia mtoto wao.

Akwii alibonyeza kitufe kwa muda mrefu ili iwake upya. Ikaganda tena palepale.

"Dada, imebaki kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Hapo kila kitu ndani kinafutika. Simu yake unayo?"

"Ninayo, na PIN naijua."

Akwii akakagua bakapu, nakala ya saa iliyohifadhiwa kwenye simu. "Mipangilio na alamu zitarudi. Wimbo haumo. Madereva wa malori huzima bluetooth njiani kuokoa chaji, sasa ungefikaje kwa simu?"

"Na nikiiacha hivi?"

"Utakuwa na bangili."

"Basi futa."

Saa ikafutwa, ikaunganishwa upya na simu, bakapu ikarudishwa. Wimbo haukurudi. Ilirudi alamu ya jioni, aliyoiandika Egesa mwenyewe: Pigia Truphena.

Akwii alimwonyesha jinsi ya kuizima. Truphena aliivaa saa bila kuizima alamu.