Rangi Isiyonidai Kurudi Saluni

Mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja. Nauza vitenge, leo Kikima, wiki ijayo Migwani, na nikipitia Makindu huingia kwa msusi wangu. Safari ile niliingia nikiwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu. Mdogo wangu alikuwa anatolewa ntheo, wale mbuzi wa posa, baada ya miezi mitatu, na mimi ndiye dada mkubwa wa kusimama mbele ya wageni. Nilitaka rangi itakayonifikisha siku hiyo bila kutafuta saluni njiani.

Maana nilishawahi kuumbuka. Mara ya kwanza nilipaka rangi ya asali. Baada ya wiki chache nywele nyeusi zilichomoza chini, mstari ukaonekana wazi. Nilifunga kitambaa mpaka joto la Makindu likanitoa vipele.

Basi nikaeleza kwamba nywele zangu siku hizi zimekuwa za kahawia, nikachagua namba tano kwenye kadi yenye vishungi vya rangi, ambako namba ikipanda rangi inazidi kung'aa. Msusi akashika ncha za nywele zangu, akakubali, akaanza kufungua boksi. Kisha akasita, akanivuta mpaka mlangoni kwenye mwanga, akafumua nywele pale kisogoni.

"Mwaitu, hizi ncha zimechomwa na jua la sokoni. Nywele yenyewe inatokea huku."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na nikamwambia asinizeeshe. Akacheka, akaweka kishungi cha namba mbili kwenye shina. Kikapotea pale kana kwamba ni nywele zangu.

"Kumbe wewe ni mbili," akasema. "Tano itakuacha na mstari. Tupande ngazi moja tu."

Namba tatu! Kwenye kadi ilionekana nyeusi tupu, nikaona kama nalipia maji. Nikabishana naye kidogo. Akanijibu kwamba itakayoota itakuwa jirani ya iliyopakwa, macho hayataona zinapokutana. Jana yake nilikuwa nimepita akanijaribia dawa nyuma ya sikio, haikuwasha, kwa hiyo akapaka. Aliponiosha na kunikausha nikatoka nje, na jua likawasha kahawia nzito, tamu, kama kahawa iliyokolea. Nilizunguka mbele ya kioo cha duka la jirani mpaka mwenye duka akauliza kama nimepoteza kitu.

Miezi mitatu ikapita njiani. Asubuhi ya ntheo, kwa mama, nikachukua kioo, nikaenda uani, nikatenganisha nywele. Ziliota vizuri, lakini ilibidi nitafute sana kuona zilipoanzia. Mdogo wangu akaja nyuma yangu, naye akatafuta, akashindwa.

"Sasa unachungulia nini, dada? Wageni wako getini."

Nikamwachia kioo, nikaenda kuwapokea kichwa wazi.