Gunia la Mdogo

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa na mimi nikatoka darasa la tatu. Shida ilianza hapo. Sitaieleza sana, kwa sababu watu wa rika langu wote wana ya kwao na hakuna aliyeshinda mashindano.

Nilikuja Nairobi kutoka magharibi nikasukuma mkokoteni katikati ya mji. Saa ya lunch wenye pesa walienda kula, na sisi ambao hatukuwa nazo tulienda bustanini kusikiliza wahubiri. Wengi walipiga kelele tu. Mmoja, mzee kipofu mwenye koti la mvua, hakupiga kelele. Alisimulia. Mwaka mzima alisimulia ile habari moja ya Biblia, ya kijana aliyeuzwa na ndugu zake, na akiimaliza anaanza tena. Mimi nilisimama na njaa yangu nikaishika yote. Sikuisoma. Mpaka leo nikisoma naenda kama mtu anayevuka matope.

Kwa hiyo nilipopata yadi yangu ya mbao kuukuu na mabati hapa Kangemi, nikaanza kusimulia na mimi. Ijumaa jioni, vibarua wakishalipwa, akina mama wanaofua nguo za matajiri kule Loresho wakishapanda kurudi, mafundi wakishanawa mikono, tunakaa juu ya mbao. Mke wangu anauza chai na mandazi pembeni. Wengi wao hawasomi, au walisoma wakaacha, au macho yamekataa.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana watu hudhani ni mdomo tu.

Mtu anayesoma akipotea anarudisha ukurasa. Asiyesoma, ni wewe wa kumrudishia. Kila Ijumaa naanza nyuma, napita haraka mpaka tulipofika. Majina naacha. Majina ya kigeni yanateleza masikioni, na ndugu ni wengi. Nasema yule wa kanzu. Yule mkubwa. Yule mdogo, wa mama mmoja na yule wa kanzu. Na yule aliyesema tumuuze. Huyo wa kuuza namtaja hivyo hivyo kila mara, bila kubadilisha neno, kwa sababu nitamhitaji baadaye.

Tena naifunga habari kwa nguo. Baba anampa kanzu, ndugu wanamvua. Anakuwa mtumishi, mke wa bosi anamshika nguo, yeye anakimbia, nguo inabaki mkononi mwa huyo mama. Anatolewa jela, ananyolewa, anavalishwa nguo nyingine kwenda mbele ya mfalme. Ukishika nguo umeshika habari. Ndoto nazo zinakuja mbili mbili: mbili zake, mbili za wafungwa, mbili za mfalme. Mtu akisahau moja, ya pili inamkumbusha.

Na kila akianguka, mimi nasema, "Alivuliwa! Alishushwa! Alikuwa peke yake?"

Wao wanajibu, "Hakuwa peke yake!"

Shimoni hivyo. Utumwani hivyo. Jela hivyo. Yule anayechelewa kazini akifika anasikia itikio, anajua tuko wapi.

Kitu cha mwisho: mahali pamoja, watu wawili wanaongea, kitu kimoja mkononi. Basi. Ukiweka watu watatu wakiongea kwa wakati mmoja, umewapoteza. Na usiongeze. Mama mmoja aliniuliza huyo mke wa bosi alikuwa anaitwa nani. Nikamwambia haikusemwa. Akasema, "Si umpatie tu jina, mzee?" Nikamwambia hapana, hii si nyanya za sokoni tunaongezea moja.

Miongoni mwa wasikilizaji wangu kulikuwa na fundi wa mawe, mtu wa kwetu magharibi, rafiki yangu tangu siku za mkokoteni. Mikono yake imejenga kuta nyingi za Loresho ambazo sasa askari anamzuia kuzipita. Mwaka jana mgongo wake ulikataa kabisa. Akasema anarudi nyumbani, na harudi tena mjini.

Wakati huo mimi nilikuwa nimefika kwenye magunia. Napapenda sana hapo. Ndugu wamekuja kununua chakula, hawajui kwamba mkubwa wa ghala ndiye yule waliyemuuza. Amewapa nafaka, ameficha kikombe chake cha fedha ndani ya gunia la mdogo, ametuma askari wawafuate. Magunia yanashushwa, yanafunguliwa kuanzia la ndugu mkubwa. Mimi nainama kama nafungua, nasema, "La mkubwa!"

"Hakuna!" watu wanajibu.

"La anayemfuata!"

"Hakuna!"

Hivyo hivyo, gunia baada ya gunia, na "hakuna" inazidi kupanda, watu wanaanza kucheka kwa furaha, wanaamini wameponea. Halafu nashusha sauti. "La mdogo."

Ijumaa hiyo nilifika hapo. Nikainua kikombe cha chai cha mke wangu juu, nikasema, "Tutaonana Ijumaa."

Walinizomea. "Mzee, wewe ni mbaya!" Mimi ni mfanyabiashara, najua mtu anarudi kwa sababu gani.

Wiki hiyo sauti yangu, ambayo ilikuwa imekwaruza miezi, ikaisha kabisa. Daktari akatoa kinyama kidogo kooni, akaniambia nisiseme hata kwa kunong'ona mpaka anione tena. Nikarudi nyumbani bubu. Mke wangu akasema nyumba imekuwa nzuri.

Fundi wa mawe alikuja kunijulia hali. Tikiti yake ya basi ilikuwa ya Jumapili. Akakaa, akanywa uji, akatazama ukuta. "Mimi naenda," akasema. "Lakini umeniachia mtoto amesimama na kikombe. Huko nyumbani nitamuuliza nani? Kila mtu ana haraka."

Huyo mtu alinigawia chumba nilipokuwa nalala chini ya mkokoteni. Kitu pekee alichowahi kuniomba ni mwisho wa hii habari.

Mke wangu alikuwa anachagua maharagwe. Bila kuinua kichwa akasema, "Shemeji, njoo Ijumaa. Nitamalizia mimi."

Nilimtazama kama ng'ombe ameongea. Mama huyu hajawahi kusimama mbele ya watu. Kanisani wakimwita kuomba anakohoa. Lakini akasema, "Nimesikiliza hiyo kitu nikikaanga mandazi tangu watoto wakiwa shuleni. Unafikiri mafuta yaliingia masikioni?"

Tukafanya mazoezi jikoni. Yeye anasimulia, mimi nashika mwiko. Akikosea, nagonga sufuria.

Alienda vizuri mpaka kikombe kinatoka. Kisha akasema hivi: yule mkubwa wa ghala akawaona ndugu zake wanatetemeka, akalia, akasema, "Ni mimi!"

Nikagonga sufuria.

"Nini?"

Nikagonga tena.

"Wewe unapenda watu wateseke," akasema. "Mtoto ameshikwa kwa wizi ambao hakufanya. Si ajulikane tu waende nyumbani!"

Ningemwambiaje? Kuandika mimi ni shida na kusoma yeye hawezi. Nikachukua gunia tupu la maharagwe nikalivaa mabegani, nikapiga magoti mbele yake na haya magoti yangu mabovu. Nikaelekeza kidole kwenye kikombe, nikakielekeza kwenye mlango kwamba mtoto aende, nikajipiga kifua kwamba nibaki mimi. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka.

"Ngoja," akasema. "Anayepiga magoti hapo ndiye yule aliyesema tumuuze."

Nikatikisa kichwa ndiyo.

"Huyo huyo?"

Huyo huyo. Ndiyo sababu namtaja vile vile miaka yote. Pale shimoni alimuuza ndugu. Hapa kwenye gunia anajitoa awe mtumwa ili ndugu aende kwa baba. Mkubwa wa ghala hawezi kujitambulisha kabla hajasikia hilo. Ukiruka hapo, una kilio tu, huna habari.

Ijumaa watu walijaa. Nadhani wengine walikuja kumwona akishindwa. Kijana wa pikipiki za boda akasema, "Leo ni mathe? Wacha tuone." Mke wangu akafuta mikono kwenye leso, akasimama, akaifuta tena mikono iliyokwisha kauka. Nikaogopa kuliko siku ya daktari. Nikagonga ubao mara moja, tu kumpa mdundo.

"Alivuliwa," akasema, kwa sauti ndogo. "Alishushwa. Alikuwa peke yake?"

"Hakuwa peke yake!"

Hapo akapata miguu. Akapita nguo, akapita ndoto, akafungua magunia moja moja. Alipofika kwa yule aliyesema tumuuze, mimi nilikuwa nashika mikono yangu isirukie kazi yake. Mimi hapo huenda mbio kama wakili. Yeye alikwenda polepole, na kila baada ya sentensi akaweka maneno yale yale.

"Bwana, tulikwambia tuna baba. Baba yetu ni mzee. Ulisema tumlete huyu mdogo. Baba yetu ni mzee. Mmoja alishapotea, akamlilia. Baba yetu ni mzee. Huyu asiporudi, atakufa. Mimi ndiye niliyesimama dhamana. Nifunge mimi. Baba yetu ni mzee."

Hakuwaomba waitikie. Mara ya tatu yadi nzima ilikuwa inasema pamoja naye, chini chini. Miaka yangu yote sikuwahi kuwaza itikio hapo. Nilikasirika kidogo. Kisha nikaitikia kwa mdomo bila sauti, na daktari asijue.

Akasema mkubwa wa ghala akafukuza watumishi wote, akalia mpaka nyumba ya mfalme ikasikia. "Akawaambia, ni mimi, yule mliyemuuza. Baba yangu bado yuko?"

Akanyamaza, kwa sababu ndugu hawakuweza kujibu, walikuwa wameingiwa na hofu. Ndivyo ilivyo.

Fundi wa mawe akasimama na fimbo yake. "Yuko!" akapaza sauti. "Mwambieni yuko, nyinyi! Mnanyamazia nini?"

Watu walicheka na kupangusa macho kwa pamoja. Mke wangu akamjibu kwa upole, "Tulia shemeji, wanakuja kusema." Akaimalizia mpaka magari ya kukokotwa ya kumchukua yule mzee, baba yao, yanafika kwake.

Jumapili nilimsindikiza fundi kwenye basi mjini. Tulishikana mikono tu. Sasa hupiga simu kutoka nyumbani, na hanitafuti mimi. "Nipe shemeji. Nawasimulia hawa watoto wa ndugu yangu hapa. Huyo mzee aliamini alipoambiwa, au alipoyaona magari?"

"Alipoyaona magari, shemeji. Usiwaambie mapema."

Sauti yangu ilirudi, nzito kuliko kwanza. Sasa nasimulia mpaka kikombe, yeye anachukua kuanzia hapo. Hakuomba ruhusa.

Nilicho nacho leo ni hiki. Yadi ya mbao Kangemi. Vyumba vya kupangisha mtaa wa Satellite, mabati mapya. Shamba nyumbani lenye chai, na ng'ombe wa maziwa. Pikapu kuukuu inayowaka ikitaka. Watoto waliosoma wote. Magoti mawili mabovu. Hiyo habari siiweki hapa, kwa sababu mke wangu anasema nusu ni yake, na nusu nzuri.