Gawa kwa Tatu

Mimi nina ugonjwa wa kujifanya najua, na ugonjwa huo ulimponza mwenzangu wa chuo cha uuguzi, msichana wa Masasi ambaye hajanikosea hata siku moja.

Alikuwa ameanguka mtihani wa hesabu za dawa. Alibakiwa na wa marudio. Akianguka tena, anarudishwa kwao. Basi kila alasiri tulikatisha Mnazi Mmoja hadi kwa shangazi yangu Kariakoo, tukakaa na madaftari mkekani wakati shangazi yuko foleni ya unga.

Sehemu ya kwanza aliiweza. Dripu ya mililita elfu moja kwa saa nane: gawanya, unapata mia na ishirini na tano kwa saa. Kuzigeuza ziwe matone kwa dakika ndiko kulikomtoa jasho. Unazidisha kwa idadi ya matone yanayofanya mililita moja, kisha unagawa kwa sitini. Alichanganya, akafuta, akachanganya tena, mwisho akalia.

"Achana na mlolongo huo," nikamwambia. "Chukua mililita za saa, gawa kwa tatu. Basi."

Wodini nilikopangwa mazoezi sote tulifanya hivyo. Mirija yetu ilikuwa ya matone ishirini kwa mililita, na sitini ukiigawa kwa ishirini ni tatu. Yeye sikumwambia tatu imetoka wapi. Nilijidai simchoshi, kumbe nilipenda tu kuonekana mjanja. Jioni ile alipata arobaini na mbili bila kukosea, akacheka mpaka shangazi aliporudi akauliza kuna nini.

Siku ya mtihani nilimngoja barazani. Alitoka wa kwanza.

"Mawili yalikuwa ya dripu, shoga. Nimeyamaliza mara moja."

Akanipa karatasi ya maswali. Nikasoma: yote mawili, mrija wa matone kumi na tano kwa mililita. Hapo ungegawa kwa nne, si kwa tatu.

"La kwanza umeandika ngapi?"

"Arobaini na mbili. La pili thelathini na tatu."

La kwanza, elfu moja kwa saa nane kama ile ya mkekani, lilitaka thelathini na moja. La pili, mililita mia sita kwa saa sita, ishirini na tano. Maswali yalikuwa matano, na ukikosa mawili umeanguka. Nikamrudishia karatasi, nikamwambia amejitahidi.

Matokeo yalibandikwa ubaoni, majina ya waliofaulu tu, bila maelezo. Lake halikuwepo. Siku ya pili nilimbebea sanduku hadi kituo cha mabasi, na njia nzima nilijiambia sasa nitasema, nikifika pale kwenye kona nitasema.

"Njia yako ilikuwa nzuri," akaniambia akiwa mlangoni mwa basi. "Mimi ndiye nitakuwa nilikosea kugawa. Kichwa changu kizito, sijui kwa nini ulijisumbua."

Nikamwambia asafiri salama.