Hali ya Ndoa ya Wifi Mokami

Wifi yangu Mokami, dada wa marehemu mume wangu, alikuja kwangu Sirari na picha ya fomu ya viza kwenye simu. Binti yake Lilian amemwalika Ujerumani akamwone mjukuu. Nikamtafsiria kipengele kwa kipengele.

"Hapa wanauliza jina la ukoo ulilozaliwa nalo. Hapa, hali ya ndoa: hujaolewa, umeolewa, umeachika, au mjane."

"Weka mjane. Weka na nimeoa."

Mokami hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu Wakurya alimtolea mahari msichana aitwaye Robhi, akawa mke wake, azae watoto wa nyumba ile.

"Wifi, unachagua kimoja. Na cheti ulicho nacho ni cha kifo cha mumeo. Majibu yasipolingana na vyeti, watasema ukoo wetu ni wa waongo."

"Ng'ombe nilitoa mchana, watu wakiona. Kumficha Robhi ndio uongo. Bora nisiende."

Nikakumbuka kwamba fomu huambatana na barua, ambamo mwombaji hueleza kitakachomrudisha nyumbani. Kwenye fomu tukaweka mjane, kama cheti kinavyosema. Kwenye barua nikaandika kwa Kiingereza safi, kisha nikamsomea kwa Kiswahili: "Kimila nimeoa. Nitarudi kwa sababu ninamwacha mke wangu na ng'ombe, na hawawezi kukaa muda mrefu bila mimi."

Mokami akatafakari. "Robhi anaweza," alisema. "Ila hilo usiwaandikie."